Kioo Hakikumbuki Jana



Mwaka jana, tarehe 25, siku ya mishahara, nilipigiwa simu saa nne asubuhi na mama mmoja mwenye ofisi ya uhasibu pale Morogoro. Ni ofisi ndogo, watu saba. Wanawaandalia wafanyabiashara wa mjini vitabu vya hesabu, ritani za VAT za kila tarehe 20, na orodha za mishahara. Kompyuta zao na mtandao wao niliwafungia mimi, kwa hiyo wakipiga saa ya chai najua si salamu. Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Fundi, mlinzi wa mteja wangu amelipwa mshahara wa mtunza stoo, na dereva wa lori amelipwa wa mfagiaji. Dereva mwenyewe yuko hapa mlangoni. Njoo."

Chanzo tulikipata haraka. Orodha ya mishahara ya yule mteja ilikuwa kwenye faili la Excel, watu 43, majina kwenye safu ya kwanza, mishahara na makato kwenye safu zinazofuata. Jumatatu ya tarehe 4, kijana mmoja wa ofisi alitaka majina yafuate alfabeti ili ayapate upesi. Akachagua safu ya majina peke yake, akabonyeza kitufe cha kupanga. Excel ilimwonya. Ilimpa njia mbili: "Expand the selection", yaani safu za jirani zihame pamoja na majina, au "Continue with the current selection", yaani yahame majina peke yake. Alichagua la pili. Majina yakajipanga vizuri kama wanafunzi paredi ya asubuhi, na mishahara ikabaki palepale ilipokuwa. Akahifadhi, akafunga, akaenda kula.

Kilichowaponza zaidi ni kwamba jumla ya chini haikubadilika hata senti. Fedha zilikuwa zilezile, zimebadili wenyewe tu. Mama ana kawaida ya kukagua jumla kabla ya kuidhinisha malipo, na jumla ilikuwa sahihi. Kwa wiki tatu nzima faili hilo lilifunguliwa, likaandikwa advansi za watu, wakaongezwa vibarua wawili, likahifadhiwa tena na tena.

Basi nilipokuwa nimeinama kwenye kompyuta, mama akaniuliza swali ambalo ndilo lililonileta hapa studio leo. "Fundi, si ulituwekea diski mbili? Ile ya pili ni ya nini?"

Lilinichoma, kwa sababu siku nilipowafungia kile kisanduku nilitamka kwa mdomo wangu kwamba sasa data zenu ziko mahali salama. Mimi nilikuwa na maana yangu, wao wakaelewa yao, na wala sikukaa kuwaeleza.

Niwaeleze wenye ofisi kama ile kisanduku chenyewe ni kitu gani. Ni kikompyuta kidogo, ukubwa wake kama redio ya mezani, hakina skrini wala kibodi. Mbele kina vitundu viwili, kila kimoja kinameza diski moja. Unakichomeka kwa waya kwenye swichi ya mtandao, na kila mtu ofisini anaona kwenye kompyuta yake diski mpya, mara nyingi imepewa herufi Z. Anayeandika barua na anayepiga hesabu wote wanahifadhi humo, na mambo ya kukimbizana na flashi mezani yanakwisha. Angalia tu swichi yenyewe. Ukiwa na swichi ya siku nyingi, ya megabiti 100 kwa sekunde, faili la gigabaiti moja litachukua kama dakika moja na nusu kufika. Kwenye swichi ya gigabiti ni sekunde kumi hivi. Nimeona watu wakilaumu kisanduku kumbe tatizo ni swichi ya bei poa iliyofichwa nyuma ya kabati.

Unapokiwasha mara ya kwanza kinakuuliza diski zako mbili uzitumieje. Chaguo la ofisi ndogo huwa limeandikwa RAID 1, na mafundi tunaliita kioo. Ukiweka diski mbili za terabaiti 4, hupati 8. Unapata 4, na kwenye skrini utasoma 3.6, kwa kuwa kiwanda kinahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Nusu ya fedha yako imeingia kwenye diski ambayo kazi yake ni kufanana na mwenzake.

Jina la reidi lilitoka Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, mwaka 1988, katika makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Hoja yao ilikuwa kwamba diski ndogo za bei nafuu, zikiunganishwa kwa akili, zinaweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa ya gharama. Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba ukiwa na diski nyingi, kila mara kuna moja inayokufa, kwa hiyo ilibidi watafute namna ya mtambo kuendelea na kazi diski ikifa. Kioo walikipa namba moja katika ngazi zao, wakieleza kwamba ni njia iliyokwisha kuzoeleka. Tangu mwanzo, basi, ugonjwa uliokusudiwa kutibiwa ni mmoja: kifo cha diski.

Na kwa ugonjwa huo, dawa hii inafanya kazi. Ofisi ileile ya Morogoro iliwahi kupoteza diski moja Jumanne asubuhi, mwaka mmoja kabla ya mkasa wa mishahara. Taa ya kitundu cha kushoto ikawa nyekundu, kisanduku kikaanza kulia pii, pii, pii. Wote saba waliendelea kuandika. Nilifika na diski mpya siku ya pili, nikachomoa mbovu, nikachomeka mpya, kisanduku kikaanza kuijaza kutoka kwa ile iliyobaki. Diski ya terabaiti 4, ikinakiliwa kwa megabaiti 150 kila sekunde, inataka zaidi ya saa saba kama hakuna anayeigusa. Kwa kuwa walikuwa kazini, ilikwisha usiku wa manane. Siku ile mama alinisifu, na nadhani hapo ndipo imani yake kwa diski ya pili ilipozidi kipimo.

Kabla sijarudi kwenye mishahara, niseme mambo mawili kuhusu siku ya kifo cha diski, maana hata huko watu huumia. La kwanza ni kuchomoa diski isiyo yenyewe. Mtu amesoma kwenye skrini kwamba diski namba 1 imekufa, anahesabu kutoka kulia badala ya kushoto, anachomoa ile nzima, na hapo hapo ofisi inasimama. Siku ya kwanza kabisa, kabla diski hazijaingia, andika namba ya kiwandani ya kila moja kwenye kipande cha plasta na ukibandike mbele ya kitundu chake. Siku ya msiba unalinganisha namba ya skrini na namba ya plasta.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halina kelele. Kioo kilichopoteza upande mmoja kinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ule mlio wa pii, pii unamkera mtu, anatafuta kitufe cha kuunyamazisha, anaunyamazisha, na maisha yanaendelea. Nimewahi kukuta kisanduku kinachotembea kwa mguu mmoja kwa miezi minane, na mwenye ofisi anajisifu kwamba ana diski mbili. Kwenye ukurasa wa usimamizi neno la kutafuta ni Degraded. Likiwepo, upande mmoja umekufa. Waliojiundia wenyewe kwa kompyuta ya Linuksi wanaandika `cat /proc/mdstat` na kutazama mabano ya mwisho: [UU] maana yake wote wawili wapo, [_U] maana yake mmoja ameanguka. Kisanduku kinaweza pia kukutumia barua pepe chenyewe. Ila jaribu kujitumia barua moja ya majaribio, uhakikishe haiishii kwenye kapu la taka.

Na usinunue diski zote mbili duka moja siku moja kutoka boksi moja. Zimezaliwa pamoja, zinazunguka saa sawa, zinakula joto moja na umeme mmoja wenye mawimbi. Zinaweza kuzeeka pamoja pia. Na ile siku ya kujaza diski mpya ndiyo siku ambayo diski iliyobaki inasomwa yote, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kama ina sehemu mbovu zilizojificha, zitajitokeza siku hiyo.

Turudi kwenye swali la mama. Kioo kinafanyaje kazi ndani? Kompyuta yako ikituma kitu cha kuandikwa, kisanduku kinakiandika kwenye diski ya kushoto na ya kulia, na kinajibu "tayari" pande zote mbili zikishamaliza. Kusoma kunaweza kufanyika upande wowote. Kuandika ni lazima kote kuwili. Sasa jiulize, katika mambo yanayotokea ofisini, ni yapi ambayo kwa diski ni kuandika? Kuhifadhi barua ni kuandika. Kufuta folda nako ni kuandika: diski inaambiwa iandike kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Kupanga majina bila mishahara na kuhifadhi ni kuandika. Kirusi kinachofunga mafaili yako kwa kufuli na kudai fedha, nacho kinachofanya ni kusoma faili, kulichanganya, na kuandika. Kioo hakina njia ya kujua kwamba maandishi haya ni ya mhasibu na yale ni ya mwizi. Yote yanaandikwa pande mbili, kwa uaminifu uleule.

Ukinyoa ndevu mbele ya kioo, yule wa ndani naye ananyoa, wembe kwa wembe. Ukimaliza, huwezi kumwambia akuonyeshe ndevu zako za asubuhi. Hana.

Nilimwambia mama hivyo. Akatazama kisanduku, akanitazama mimi, akasema, "Basi lete ile nyingine." Kulikuwa kweli na nyingine. Nyuma ya kisanduku palikuwa na diski ya nje ya USB, na kila usiku saa sita kisanduku kilinakili folda zote kwenda humo. Niliipanga mwenyewe. Tukaifungua pamoja, tukakuta faili la mishahara, tukalifungua: majina kwa alfabeti, mishahara vurugu. Tarehe ya faili ilikuwa jana yake.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu la pili, na hili ndilo ningependa mafundi wenzangu walisikie vizuri. Amri niliyokuwa nimeiweka ilikuwa hii:

```
rsync -a --delete /data/ /mnt/usb/data/
```

Wanaoijua wanaona tayari. Neno lile, `--delete`, linasema kilichofutwa huku kifutwe na kule. Na hata bila neno hilo, faili lililobadilika linaandikwa juu ya lile la zamani lenye jina hilohilo. Kwa maneno mengine nilikuwa nimewanunulia kioo cha pili, kinachotazama mara moja kwa siku. Kijana angegundua kosa lake jioni ileile ya tarehe 4, kabla ya saa sita usiku, diski ile ingemwokoa. Ilipofika tarehe 25, kosa lilikuwa limeshanakiliwa usiku 21.

Kwa hiyo nikikuta ofisi inasema ina bekapu, siulizi tena ina nakala ngapi. Nauliza: mnaweza kurudi nyuma siku ngapi? Kioo peke yake, jibu ni sifuri. Diski ya usiku inayojiandika juu yake yenyewe, jibu ni siku moja. Makosa ya ofisini hayafuati ratiba hiyo. Folda iliyofutwa bahati mbaya hugunduliwa siku mtu anapoihitaji, na kwa wahasibu hiyo inaweza kuwa baada ya miezi, mkaguzi akiwa amekaa mezani. Faili lililoharibika taratibu linafanana na faili zima mpaka ulifungue.

Mtauliza dereva wa lori aliishia wapi. Aliokolewa na barua pepe. Mama huwatumia wateja orodha ya mishahara kila mwezi waipitishe, na ile ya mwezi uliotangulia ilikuwa imekaa salama kwenye kisanduku cha barua zilizotumwa, ikiwa imeambatishwa, majina na mishahara vimeshikana mikono. Tukaipakua, wakakaa watu wawili kuingiza upya advansi za wiki tatu na wale vibarua wawili. Ilipofika saa kumi na moja jioni karatasi ilikuwa imenyooka. Kudai fedha zilizozidi kutoka kwa mlinzi ni kazi nyingine, na sikuwepo. Angalia lakini kilichowaokoa: nakala ya zamani, iliyokaa nje ya kisanduku, mahali ambapo mabadiliko ya leo hayaifikii. Iliangukia hapo kwa bahati, hakuna aliyeipanga.

Yaliyowakuta yamewakuta wakubwa pia. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu wa dunia nzima, alikuwa amechoka usiku, akitaka kusafisha seva ya pili ya hifadhidata iliyokuwa imeachwa nyuma na ile kuu. Akatoa amri ya kufuta akiwa kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde chache, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki nne na nusu. Wakakimbilia bekapu zao za kila siku, wakakuta hazipo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila siku, na barua za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameipiga saa sita kabla kwa ajili ya majaribio. Wakapoteza data za hifadhidata za saa hizo sita. Wenyewe ndio walioandika habari hiyo hadharani, hatua kwa hatua, na mimi huwa naisoma tena kila nikijiona fundi.

Basi kwa ofisi ya Morogoro tulifanya nini? Kisanduku na kioo chake vilibaki. Diski itakufa tena siku moja, na siku hiyo watu saba hawatasimama. Tulianza kwa kuwasha kitu ambacho kilikuwemo humohumo na sikuwa nimekigusa. Visanduku vingi vya siku hizi vinaweza kupiga picha za diski. Picha hiyo ni orodha ya jinsi kila faili lilivyokuwa saa fulani, na kinachochukua nafasi ni yale yaliyobadilika baadaye, kwa kuwa yale ya zamani hayafutwi. Tuliweka picha moja kila siku saa saba mchana, wakati wa chakula, na zikae siku 60. Kama ingekuwepo mwezi ule, kijana angeingia kwenye picha ya tarehe 3, akachukua faili lake, na dereva asingejua kuna kilichotokea. Lakini picha hizo zimelala kwenye diski zilezile mbili, ndani ya kisanduku kilekile. Mwizi akibeba kisanduku kwapani, au radi ikishuka na waya wa umeme, au bomba la juu likipasuka, picha zinakwenda pamoja na kilichopigwa picha. Na kirusi kikipata neno la siri la msimamizi, kinaweza kuzifuta.

Kwa hiyo tukanunua diski mbili za nje, terabaiti 2 kila moja. Data zote za ofisi, tulipopima, zilikuwa gigabaiti 380, na kinachobadilika kwa siku hakifiki gigabaiti 2. Nikaandika upya ile amri ya usiku iwe hivi:

```
rsync -a --link-dest=/mnt/usb/2024-11-04 /data/ /mnt/usb/2024-11-05/
```

Kila usiku inazaliwa folda mpya yenye jina la tarehe. Faili ambalo halikubadilika halinakiliwi tena. Folda mpya inashikana na lile la jana, bila kula nafasi. Lililobadilika tu ndilo linaloandikwa upya, na la jana linabaki na tarehe yake. Ukifungua folda yoyote unaona ofisi nzima kama ilivyokuwa siku ile. Tarehe zenyewe zinaandikwa na programu fupi inayoendesha amri hiyo na kuchukua folda ya karibuni iliyomo kwenye diski, asikae mtu kubadilisha kwa mkono. Ila diski iwe imefomatiwa kwa mfumo wa Linuksi kama ext4. Ukiiacha na exFAT iliyotoka nayo dukani, mshikano huo haupo, kila usiku itanakili gigabaiti 380 zote, na siku ya tano itakuwa imekaribia kujaa.

Tunabakiza siku 14 za karibuni, kisha moja kwa kila wiki kwa miezi miwili, kisha moja kwa kila mwezi kwa mwaka mzima. Kwa hesabu ya ofisi ile, historia yote hiyo bado inaacha zaidi ya nusu ya diski ikiwa wazi.

Diski moja tuliandika A kwa kalamu nene, nyingine B. Moja iko nyuma ya kisanduku inafanya kazi, nyingine iko nyumbani kwa mama. Ijumaa zinabadilishana. Sababu ya kuitoa nje ya jengo mmeshaisikia. Sababu ya kuichomoa ni kwamba kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kwenye kompyuta moja kinaiona ile herufi Z kama diski yake, na kikifika mpaka kwenye kisanduku kitaiona na diski ya USB iliyochomekwa. Isiyochomekwa hakiioni. Kwa kisa hichohicho kila mtu ana jina lake la kuingilia, lile la msimamizi halitumiki kwa kazi za kila siku, na kisanduku hakifunguliwi kupokea wageni kutoka intaneti hata kama simu ya bosi inataka kusoma faili akiwa safarini.

Tulifikiria pia kutuma nakala kwenda kwenye hifadhi ya mbali kwa intaneti. Laini yao inapandisha megabiti 10 kwa sekunde ikiwa na siku njema. Gigabaiti 380 za kwanza zingechukua siku tatu na nusu mfululizo. Baada ya hapo mabadiliko ya siku ni dakika 25 hivi. Inawezekana, na kwa ofisi isiyo na mtu wa kukumbuka Ijumaa ningeipendelea. Mama aliuliza bei ya mwezi, akasema Ijumaa anazikumbuka.

Tukaongeza UPS yenye waya wa data unaoingia kwenye kisanduku. Umeme ukikatika na betri ikikaribia kwisha, kisanduku kinaambiwa, kinajifunga taratibu. Diski inayozimwa ghafla katikati ya kuandika inaweza kuacha upande mmoja wa kioo ukisema hiki na mwingine ukisema kile, na kioo cha kawaida, kisichoweka alama za kuhakiki, hakijui upande upi unasema kweli. Kitasawazisha kwa kufuata mmoja, na unaweza kuwa ndio mwongo.

Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, yule kijana aliyepanga majina ndiye mwenye kazi hii: anachagua faili moja la zamani kutoka diski ya A au ya B, analirudisha kwenye folda ya pembeni, analifungua, anasoma jumla na majina mawili matatu, kisha anaandika kwenye daftari tarehe ya nakala na jina la faili. Mara ya tatu alipofanya hivyo, faili lilikataa kufunguka. Tukakuta waya wa USB umelegea na nakala za siku nne zilikuwa hazikukamilika. Kisanduku kilituma taarifa, ilikuwa imeingia kwenye kapu la barua taka.

Wiki iliyopita nilipita pale kusalimia. Nikamwuliza mama diski ya A iko wapi. Akavuta droo ya meza yake: A na B zote zilikuwa humo, zimefungwa pamoja kwa mpira wa noti. Tangu sikukuu, akasema, amekuwa akisahau. Nikachukua moja, nikamtumbukizia kwenye mkoba wake mbele ya macho yake, nyingine nikaichomeka nyuma ya kisanduku, na nikasubiri mpaka taa yake ilipoanza kumeta.